Kopo Sikioni mwa Mama

Mama yangu alikuwa anachagua nyanya ya kopo kwa sikio. Hakusoma kilichoandikwa, hakuuliza limetengenezwa wapi. Alilishika kopo kwa mkono wa kulia, akalipeleka sikioni, akalitikisa mara tatu, kisha akatulia na macho yake yakabaki kwa aliyesimama mbele yake. Kikisikika kitu kinachezacheza ndani, alilirudisha: hilo lina maji. Likiwa kimya, alilipokea: hilo nyanya imeshikana. Alifundishwa hivyo na mwanamke aliyempa kazi ya upishi alipofika mjini kutoka Masasi, na kwa miaka mingi alipatia, kwa sababu enzi hizo nyanya nzito ilikuwa nzito kwa nyanya.

Nataka niseme mapema kwamba sikuandika haya ili nisifiwe kwa ukweli. Mimi ni mtu wa hasira za chini kwa chini. Sipigi kelele, naweka. Nikiudhika leo naweza kutabasamu, nikakulipa wiki mbili baadaye, tena ukiwa umeshasahau ulichonifanyia. Mama alijua, na alikuwa ananitania kwa tabia hiyo mbele za watu. Hii ni habari ya siku nilipomlipa.

Kusoma makopo nilijifunza kazini. Nilifanya kazi miaka minne kwenye supamaketi moja ya Kinondoni, upande wa sosi na vyakula vya makopo. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga chupa, kufuta vumbi na kuzileta mbele zile zinazokaribia kuharibika. Mwaka wa kwanza nilizijua chupa kwa rangi ya kifuniko tu. Kisha akaanza kuja mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima mwenye kisukari, ambaye miwani yake ilikuwa haitoshi kwa maandishi madogo. Kila mwisho wa mwezi alinikuta pale, nikamwambia shikamoo mwalimu, akaitikia, akanipa chupa mkononi.

"Nisomee nyuma, mwanangu. Mbele waachie wenyewe."

Nilimsomea. Kwa namna yake ya kishule, alinilazimisha nielewe ninachosoma. Aliniambia orodha ya vilivyomo hupangwa kwa wingi: kilichotangulia ndicho kingi kuliko vyote, na cha mwisho ni kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo kopo likianza na maji, ujue umenunua maji. Nyanya ya kopo iliyo nyanya kweli haina hadithi ndefu; utakuta nyanya, labda na chumvi, basi. Na kwa mbele, mahali fulani, wataandika imekolezwa kiasi gani: ishirini na nane kwa mia hadi thelathini ni nzito hasa, ishirini na mbili ni nyepesi kidogo lakini bado ni nyanya. Kopo lisilotaja kitu hicho, likaandika tu maneno matamu na picha ya nyanya yenye umande, aliyelitengeneza hajui ameweka ngapi au anajua na anaona haya.

Kwa tomato sosi alikuwa na hesabu yake tofauti. Alisema kechapu lazima iwe na sukari na siki, hiyo si dhambi, ndivyo ilivyo. Swali ni sukari kiasi gani na nyanya iko wapi kwenye foleni. Tuligeuza chupa kwenye lile jedwali la nyuma. Gramu ishirini na mbili za sukari kwa kila gramu mia. Akaniambia niikate kwa nne, maana kijiko cha chai ni kama gramu nne. Nikapata vijiko vitano na nusu. Akacheka peke yake, akasema wajukuu zake wanaimimina kwenye chipsi wakati yeye amezuiwa kuweka kijiko kimoja kwenye chai. Kwenye chupa za bei ya chini, zile kubwa zinazopelekwa kwenye mabanda ya chipsi, mara nyingi foleni ilianza na maji, ikafuata sukari, wanga, ndipo nyanya, na mwisho kabisa rangi. Sukari nayo ilikuwa inajificha kwa majina: glukosi, fruktosi, sirapu ya mahindi. Wanga pia ulijificha. Pengine waliandika wanga uliorekebishwa, pengine namba tu zinazoanza na E, kumi na nne ishirini na mbili, kumi na nne arobaini na mbili.

"Hivi si sumu," alisema mwalimu. "Usije ukawatisha watu. Ila ni kitu cha kuyafanya maji yasimame. Ukivikuta kwenye sosi, sawa. Ukivikuta kwenye nyanya ya kopo, jiulize nyanya yenyewe kwa nini imeshindwa kusimama."

Nilimpenda yule mama. Ndoa yangu ilipovunjika nikaacha kazi na kurudi Temeke kwa mama, ni yeye peke yake katika watu wa Kinondoni niliyesikitika kutomuaga.

Mama alikuwa pishi wa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, aliitwa kote, Temeke, Mbagala hadi Tabata, na alichoitiwa ni biriani. Wa kuupika wali walikuwepo wengi. Watu walimfuata yeye kwa mchuzi. Alikaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya asali, akaviondoa, akaunga nyanya ya kopo kwenye yale mafuta ya vitunguu, na hapo akasimama na mwiko bila kumsemesha mtu. Alikuwa akisema nyanya ina kilio chake. Kwanza inaruka na kutema, baadaye inatulia, maji yanakwisha, wekundu unageuka ukawa wa udongo, na mafuta yanapanda juu yakasimama peke yake. Mafuta yasipopanda hakuna biriani. Ndipo viungo, mtindi na nyama vikaingia. Nimemwona akimkatalia mwenye shughuli, mtu na heshima zake, aliyekuja kuharakisha: "Mafuta hayajapanda, baba. Kawaambie wageni wasome dua nyingine."

Alikuwa na wenzake wawili, mmoja shangazi yangu kwa upande wa baba, mwingine jirani yetu. Lakini desturi yao ilikuwa moja haikubadilika: mchele, mafuta na nyama mwenye shughuli atanunua mwenyewe au atamtuma amtakaye; nyanya ya kopo anakwenda kuichagua pishi. Pishi hapokei nyanya iliyochaguliwa na mtu mwingine. Mama alisema ukipokea nyanya ya mtu umepokea na lawama yake.

Niliporudi nyumbani akaanza kunichukua dukani. Nilidhani ananitoa ndani nisikae na mawazo. Tulikwenda kwenye duka la jumla moja Tandika, la kaka mmoja ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimuuzia mama tangu mwanzo. Mama alishika kopo, akatikisa, akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshalishika jingine, nimeligeuza, nasoma. Nikisema, "Hili hapana, mama, lina wanga," alikuwa anaguna, analitikisa tena, na analirudisha rafuni kana kwamba ni sikio lake lililokataa. Kisha anamwambia kaka wa duka, "Halijanipendeza." Hata siku moja hakusema mwanangu kasoma. Nilichukia kidogo, lakini nilikuwa nacheka.

Kulikuwa na vitu vingine niliviona nikavipita. Redio aliiweka juu mpaka jirani akalalamika. Simu alikuwa anaipokea kwa sikio la kushoto, ikambidi aihamishe mkono kila anapokuwa ameshika kitu. Tukitembea alitaka nikae upande wa kushoto wake, nikadhani ni kwa sababu ya bodaboda. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka, na sisi nyumbani tukasema mama siku hizi ana maringo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa harusi ya Tabata, kwa watu wenye nafasi zao, watu mia tatu. Mama aliisubiri kazi ile kwa sababu mwenye shughuli alikuwa na ndugu wengi na wasichana wengi nyumbani. Biriani moja nzuri pale ingemletea shughuli za mwaka mzima. Msimu ule mvua zilikuwa zimeharibu nyanya mbichi, tenga lilikuwa halishikiki kwa bei, kwa hiyo mchuzi wote ungetegemea kopo. Tukaenda Tandika siku moja kabla, mchana.

Kopo letu halikuwepo. Kaka wa duka alisema mzigo umekwama, pengine wiki ijayo. Alikuwa na makopo mengine makubwa, mekundu, yenye picha ya mwanamke anayecheka.

"Hili linatoka sana, bi mkubwa. Mapishi wote wa huku wamehamia hili. Zito kama nini."

Mama alilichukua. Mimi nikachukua la pili, nikaligeuza. Nakumbuka mpaka leo nilivyoyaona yale maneno, madogo, meupe juu ya wekundu, yamepangwa karibu na mshono wa bati: maji, nyanya iliyokolezwa, sukari, wanga uliorekebishwa, chumvi, rangi. Maji mbele. Sukari ya tatu. Kiwango cha kukolezwa hakikutajwa popote. Nikajua papo hapo. Kwa sosi ya kuchovyea chipsi lingefaa. Kwa mchuzi wa biriani, kwenye moto wa kuni, lilikuwa balaa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akaangua kicheko, akamwambia kaka wa duka, na wateja wawili wakiwa wamesimama pale:

"Mtazame huyu. Kila kopo lazima alisome. Mume tu ndo hakumsoma."

Wakacheka. Kaka wa duka alicheka kwa adabu, akainamisha kichwa. Mmoja wa wateja, mwanamke mwenye khanga kichwani, alipiga makofi. Ni mzaha wa kawaida, na mama alikuwa mtu wa mizaha. Mashoga zake wangemrudishia na zaidi. Lakini nilikuwa na miezi minne tangu nirudishwe kwetu na begi moja. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikafunga mdomo.

Mama akalitikisa kopo. Mara tatu. Halikutoa sauti, kwa sababu wanga ulikuwa umeyasimamisha yale maji kama uji uliolala. Akanitazama. Alinitazama kwa muda, nakumbuka, kwa sababu niliona ni kama ananichokoza niseme neno ili anitanie tena. Nikalirudisha kopo langu rafuni, taratibu, nikaangalia barabarani.

Nilisema moyoni: leo ushindwe. Kidogo tu. Leo watu wakuone.

"Haya, tupakilie," mama alimwambia kaka wa duka. "Liko sawa."

Nilikuwa na mchana mzima wa kusema. Nilikuwa na jioni yake. Tulikula pamoja, nikamkanda miguu, akanieleza habari za binti anayeolewa. Maduka mengine yalikuwa wazi, hata kule Tabata tungepata. Sikusema. Kila nilipotaka kusema nilikisikia kile kicheko, nikajiambia labda nazidisha, labda mkono wake utaliweza, yeye si ndiye pishi.

Tukaanza kupika baada ya swala ya alfajiri, uani kwa mwenye shughuli. Jirani yetu alikata makopo akayamimina kwenye beseni. Rangi ilikuwa nzuri mno, nyekundu ya kung'aa. Ilibaki kwenye vidole hata baada ya kunawa. Mama alichovya kidole, akalamba, akatulia.

"Mbona tamu?" aliuliza.

"Nyanya za siku hizi, wifi," shangazi alimjibu. "Kila kitu kimekuwa kitamu."

Mama alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nachambua iliki, nikainama.

Akaitia kwenye mafuta. Nyanya ya kweli ukiitia inalegea ndani ya mafuta. Hii ilivimba. Iliyanyonya mafuta yote ikawa donge moja linalong'aa, ikaanza kupumua mapovu makubwa mazito yanayopasuka na kurusha moto mikononi. Mama aliongeza mafuta, yakanyonywa. Akavuta kuni mbili nje kupunguza moto. Alikuwa anakoroga mpaka chini, kwa mikono yote miwili, lakini wanga ulishashika kitako cha sufuria, na sukari iliyokuwa humo ikaanza kuungua kabla nyanya haijaiva. Kwanza ilinukia kama peremende. Nilikuwa mbali, nikaisikia. Kisha ikanukia moshi.

"Leteni sufuria nyingine! Msikwangue chini, mimineni tu ya juu!"

Tulimimina. Ya juu nayo ilikuwa imeshaingia vipande vyeusi, kwa sababu alikuwa ameikoroga kwa nguvu. Akatia ndimu kuua utamu, akatia chumvi, akaongeza mtindi. Akasimama na mwiko akisubiri mafuta yapande. Jua likatoka, likafika juu ya ukuta. Hayakupanda. Nilimwona mama yangu, mwanamke aliyewaambia mashehe wasubiri, akisogeza uso wake karibu na sufuria, anatazama ndani, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na midomo yake inasema kitu. Nadhani alikuwa anasoma dua. Nilitamani ardhi inimeze. Na bado sikusema. Kusema wakati ule kungefaa nini? Watu walikuwa wameshaanza kuingia.

Wakapakua. Hakuna aliyetoa neno baya. Watu wa pwani hawafanyi hivyo mbele ya sinia. Walikula wali, wakala nyama kwa kuipangusa kando, na mchuzi ukabaki kwenye masinia umeganda, una ngozi juu, umejitenga na maji mekundu pembeni. Masinia yalirudi uani mengi yakiwa hivyo. Bibi mmoja mtu mzima alikuja kutushukuru, akamshika mama bega, akasema, "Pole bibie, kazi nyingi." Hilo ndilo lililomuua mama. Wasichana waliokuwa wanaosha vyombo walisema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, kwamba leo wamekula biriani ya uji wa sukari. Nilimtazama mama kama amesikia. Hakuonyesha. Nilimshukuru Mungu.

Maneno yalifika Temeke kabla yetu. Akina mama wote wa Tabata walikuwa na mashoga Mbagala. Biriani ya uji ikawa kijembe. Shughuli mbili zilizokuwa zimeahidiwa zikaenda kwa pishi mwingine, mwenye ya tatu hakupokea simu. Shangazi na jirani wakaendelea kuitwa, wakawa wanakwenda, wanarudi wakipita barabara ya nyuma ili mama asiwaone wamebeba mafurushi ya chakula. Mama aliwaona. Alikuwa amekaa barazani siku nzima, angewaachaje kuwaona?

Lakini kilichonitafuna hakikuwa hicho. Kilichonitafuna ni kwamba mama hakulaumu kopo. Alilaumu mkono wake. Siku tatu baada ya harusi alinionyesha viganja vyake, akavigeuza.

"Mkono umeondoka," alisema. "Mpishi mkono ukiondoka hajui. Wenzake ndo wanajua."

Ningeweza kumwambia. Neno moja lingetosha: lilikuwa kopo, mama, hata malaika asingeliivisha. Lakini neno la pili lingekuwa: nilisoma. Na la tatu: nikanyamaza, kwa sababu ulinicheka. Niliyapima hayo matatu kila siku, na kila siku nikayaacha yabaki palepale. Nikamwambia, "Pumzika, mama. Umefanya kazi miaka mingi." Mpaka leo maneno hayo nayachukia kuliko matusi yote ninayoyajua.

Alipumzika kweli. Sufuria kubwa alimuuzia shangazi. Mwiko mrefu akaufanya wa kufungia mlango wa uani. Nyumbani nikawa napika mimi, yeye anakula kidogo, anasema nzuri. Siku moja nilimkuta jikoni amesimama na kijiko, ameweka mafuta kidogo na nyanya mbichi mbili kwenye kikaango, anatazama. Aliponiona akazima jiko, akasema alikuwa anaota moto. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, Dar es Salaam, fulana imegandana na mgongo. Nilikwenda chooni nikalia huku bomba la maji likiwa wazi.

Tumeishi hivyo miaka miwili na zaidi. Nilipata kazi kwenye duka la dawa la mtaani. Mama alianza kutetemeka mkono wa kulia, kidogo kwanza, kisha ikawa kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila kumwagika. Daktari alitupa jina la ugonjwa na vidonge, akasema vitapunguza, havitaponya. Sasa mkono ulikuwa umeondoka kweli. Mama alipokea habari ile kama mtu aliyekwisha kuijua, akaniambia tukiwa tunarudi, "Si nilikwambia?"

Juma lililopita nilinunua nyanya ya kopo kwa ajili ya maharage. Kopo dogo, lile letu la zamani, limerudi madukani. Nililiweka mezani nikaenda kukoleza mkaa. Niliporudi, mama alikuwa amelishika. Alikuwa analipeleka sikioni, mkono unatetemeka, na kopo linatikisika lenyewe bila yeye kulitikisa. Akajichekea. Ni kicheko kilekile cha Tandika.

Sijui nini kilinifungua. Nilikaa chini pale sakafuni, mbele ya kiti chake, upande wa kushoto, nikamwambia yote. Nikamtajia yale maneno kwa mpangilio wake: maji, nyanya, sukari, wanga, chumvi, rangi. Nikamwambia wanga ndio uliolinyamazisha lile kopo, ndio maana sikio lake lilidanganywa, na ndio ulioshika chini ya sufuria, na kwamba hakuna pishi aliyezaliwa ambaye angeyapandisha yale mafuta. Nikamwambia niliyasoma yote dukani kabla hajalipia. Nikamwambia kwa nini nilinyamaza.

Kopo lilikuwa linagongagonga kwenye mkono wa kiti.

"Kumbe mkono wangu ulikuwa mzima," alisema.

"Ulikuwa mzima, mama."

"Siku ile ulikuwa mzima."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane, ningefurahi hata anifukuze. Badala yake alinipa lile kopo, kwa taabu, mikono yote miwili, nikalipokea.

"Usililaumu sikio," alisema. "Sikio hili la kulia lilishakufa zamani, hata kabla hujarudi kutoka kwa mumeo. Mie nilikuwa natikisa tu, nisiaibike kwa yule kijana wa dukani. Nilikuwa nakutazama wewe. Ukisema halifai, nalirudisha. Siku ile nikakutazama, nikakutazama. Ukaliweka rafuni, hukusema kitu. Nikasema haya, mwanangu kalisoma, liko sawa."